Tarehe Tatu za Shefu Mukalay

Barua yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchoma Mulumba. Kama shefu Mukalay angemwita ofisini akampigia kelele, kama walivyofanya wasimamizi wa zamani, angejua pa kushika. Mtu akikutukana unamrudishia, hata kama ni kimoyomoyo. Lakini mtu anayekukatalia kwa adabu, mhuri juu na sahihi chini, utamfanya nini?

Alisimama mbele ya dirisha la ofisi ya pointaji, panapoandikwa zamu za wafanyakazi, kofia ya kazi mkononi, kitambaa cheusi kimeshonwa kwenye mkono wa shati. Upande wa ndani alikaa karani Séraphin. Kwa makaratasi ya serikali hakuwa tena Séraphin, maana majina ya padri, ya ubatizo, yalikuwa yamekatazwa nchini kote, lakini kambi nzima ya wafanyakazi ya Dilala, pale Kolwezi, iliendelea kumwita hivyo, naye aliendelea kuitika.

"Soma tena," Mulumba alisema.

"Nimesha kusoma mara mbili, tata."

"Soma polepole. Na uiweke mu Kiswahili. Ile Kifaransa iliniacha njiani."

Séraphin alishusha sauti, kwa kuwa mlango wa shefu haukuwa mbali, akaigeuza barua neno kwa neno:

"Citoyen Mulumba. Nimepokea ombi lako la congé, yaani likizo, kuanzia Ijumaa tarehe 23 hadi Jumatatu tarehe 26 Agosti. Nakushukuru kwa kulileta mapema na kwa njia inayotakiwa. Naelewa uzito wa sababu uliyoitoa, na mimi mwenyewe niko pamoja nawe katika matanga yako. Kwa bahati mbaya, siku hizo zinaangukia katikati ya révision, matengenezo makubwa ya kiwanda. Mashine za kusaga mawe zitakuwa zimesimama, na kikosi chako cha kubadilisha vyuma vya ndani hakina mtu wa kushika nafasi yako. Kwa hiyo siwezi kukubali tarehe hizo. Congé yako haipotei. Nakuwekea tarehe tatu za kuchagua: tarehe 6 hadi 9 Septemba, tarehe 20 hadi 23 Septemba, au tarehe 4 hadi 7 Oktoba. Nakuomba uniambie unachagua ipi kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili nikuandike kwenye mpango wa kazi. Pokea, citoyen, heshima zangu."

Séraphin alikunja barua vizuri. "Haiko mubaya, tata. Kuko batu wanaandikiwa neno moja tu: hapana. Weye alikupatia tarehe tatu."

"Mi nilimuomba siku ya kumaliza matanga ya bibi yangu. Alinipatia siku ya kwenda kuvua samaki."

"Chagua moja, niandike. Ya mwezi wa tisa, ya kwanza?"

"Usiandike kitu," Mulumba alisema, akaitia barua kwenye mfuko wa shati, upande wa kitambaa cheusi.

Mbelu, mkewe, alikuwa amefariki mwaka uliopita, msimu kama huo huo wa vumbi na baridi. Jioni ile Mulumba alikuwa kazini. Jirani alikuja mbio hadi kwenye lango kusema mama Mbelu anatapika damu, na Mulumba akaomba kutoka. Aliambiwa angoje mtu wa kumpokea. Mtu wa kumpokea alikuja alipopenda kuja. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa limekwenda kumchukua mtoto wa mkubwa fulani, ambaye, kwa kadiri Mulumba alivyopata kujua, alikuwa na kifua. Walipofika hospitali, kazi ya daktari ilikuwa kuandika tu. Hakuna aliyemkaripia Mulumba siku ile. Wote walimpa pole. Mkuu wa kambi alituma sanduku zuri la mbao, na watu wakalisifu, na Mulumba akawaangalia wale waliolisifu akaona bora wangekaa kimya.

Tangu siku ile alibeba weusi wa mjane. Hakulala kitandani. Alilala kwenye mkeka, chini, upande ule ule ambao Mbelu alikuwa akilaza kichwa. Mwanamke mwingine asingeweza kupika ndani ya nyumba yake, wala yeye asingeweza kukaa mezani kwenye arusi ya mtu. Hayo yalikuwa ya kumalizwa na watu wa mke tu, ukoo wa Mbelu, waliokaa Tenke kwenye nyumba za reli. Wao ndio wa kumkatia kitambaa, kummwagia maji, kumvalisha nguo nyeupe na kumwambia mbele ya watu: umemlilia vizuri, hatukudai. Siku yao walikuwa wameshaiweka, Jumamosi ya tarehe 24. Mjomba mkubwa wa Mbelu, tata Tshibangu, alikuwa ameshatoka Kananga kwa ajili hiyo, na Jumatatu yake alipaswa kupanda treni ya kurudi.

Na mume asiyeonekana siku hiyo, kwa Baluba wa Kasai, ana maana moja tu. Anaogopa. Na kwa nini mtu aogope ukoo wa mke wake, kama mkono wake ni safi? Wangeanza kusema taratibu, jikoni kwanza, halafu kanisani, halafu hadi Kananga: Mbelu hakufa hivi hivi. Mulumba alikuwa amemwoa Mbelu akiwa bado anabeba mchanga kwa koleo, hana kitu, na Mbelu alimchagua hivyo hivyo mbele ya ndugu zake wote waliokuwa wakicheka. Jina la mwuaji wa mwanamke yule hakuwa tayari kulibeba. Si kwa ajili ya vyuma vya kampuni.

Jumamosi iliyofuata, wiki moja kabla ya siku yenyewe, alitoka kazini mchana akapanda juu ya lori la makaa lililokuwa likielekea Tenke. Ilikuwa mapumziko ya mwisho. Révision ikianza, hata Jumapili ingekufa. Alifika amejaa vumbi hadi kwenye kope, akasalimu kutoka mlangoni, akakaa kwenye kiti kilichogeuzwa mgongo.

Ilibidi iwe hivyo. Ndani ya chumba alikuwamo mama Bilonda, mama mzaa Mbelu, na mkwe hamwangalii mama mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Maneno yalipita kwa Kazadi, kaka wa Mbelu, mtu wa reli, aliyekaa katikati kama mtu anayeshika lango la kuvuka njia, akiyaruhusu huku na kule.

"Mwambie mama," Mulumba alisema akiangalia ukuta, "shefu amekatala. Anasema kuko kazi mingi. Niko na barua."

"Mama, anasema shefu alikatala," Kazadi alisema, ingawa mama Bilonda alikuwa hatua tatu kutoka hapo na masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Asome hiyo barua," mama Bilonda alisema.

Kazadi alisoma, akiieleza kwa Kiluba cha Kasai. Alisoma vizuri; mtu wa reli husoma makaratasi mengi. Alipofika kwenye maneno ya matanga, tata Tshibangu, aliyekuwa kwenye kona na bomba lake lisilo na tumbaku, aliinua mkono.

"Rudia pale."

"Mimi mwenyewe niko pamoja nawe katika matanga yako."

"Ameandika vile? Na mukono yake?"

"Iko na sahihi, tata."

"Sawa. Endelea."

Kazadi aliendelea hadi kwenye tarehe. Alizisoma zote tatu. Kisha Mulumba, mgongo wake ukiwa upande wao, alisikia nguo ya mama Bilonda ikijikunja, kama mtu anayeinuka.

"Kazadi, uliza mukwe wangu. Huyu muntu alipanga siku tatu za kumaliza matanga ya mutoto wangu?"

"Mulumba, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ndiyo. Alipanga tatu, mi nichague moja."

"Nani anapangaka siku ya matanga?" mama Bilonda aliuliza, na safari hii hakumwuliza mtu. "Mwenye matanga. Paka yeye, yeye tu. Jirani hawezi. Padri hawezi. Hata mi, kama kaka yangu Tshibangu hayupo, siwezi peke yangu. Sasa uko mutu ku Kolwezi anasema niko mu matanga pamoja na weye, na siku ni hizi, chagua. Huyo ni nani?"

"Ni mwenye matanga," tata Tshibangu alisema kwa uzito.

"Basi mwenye matanga ako na nyumba. Ako na maji. Ako na kitambaa cheupe cha kuvalisha mufiwa. Kazadi, hiyo nyumba iko wapi?"

Hapo Mulumba angeweza kusema. Alijua barua za ofisi. Alijua kwamba "niko pamoja nawe" ni kama "heshima zangu", maneno yanayowekwa chini na juu ili katikati isiume. Alijua kwamba tarehe zile shefu alizitoa kwenye mpango wa kazi ukutani, palipokuwa na nafasi, bila kufikiri juu ya mfu yeyote. Neno moja lingetosha. Kazadi naye, mtu wa makaratasi, aligeuka akamwangalia ukosi wa shati, akingoja neno hilo.

Mulumba aliangalia ukuta. Alimfikiria yule aliyemwambia angoje mtu wa kumpokea.

"Iko ku quartier, mutaa ya bakubwa," alisema. "Nyumba ya ua la majani, karibu na klabu. Kuko mbwa, lakini anafungwaka muchana."

Révision ilianza Jumatatu. Mashine kubwa za kusaga mawe, ambazo mwaka mzima zinazunguka zikinguruma hadi vikombe vinacheza kwenye makabati ya Dilala, zilisimama, na mji ukawa na ukimya ambao watu waliamka nao vibaya. Mulumba na wenzake waliingia ndani ya mashine ya kwanza kupitia tundu lake, kama watu wanaoingia kwenye tumbo la mnyama. Kazi ilikuwa kufungua vyuma vizito vilivyoliwa na mawe na kufunga vipya, boliti kwa boliti, mmoja ndani akishika, mwingine nje akikaza. Jasho liliwatoka ingawa nje kulikuwa na baridi.

Shefu Mukalay alipita kila asubuhi, abacost yake, suti ya kijivu isiyo na tai, imepigwa pasi, kofia nyeupe kichwani. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakuna aliyewahi kumsikia akitukana.

"Citoyen Mulumba. Haukunijibu juu ya tarehe."

"Mambo iko mu mikono ya wakubwa, shefu."

"Wakubwa gani?"

"Ya familia."

"Vizuri. Bazungumuze, halafu uniambie. Mi nataka tu usipoteze siku zako." Na akaenda zake, ameridhika, akiwasalimu watu kwa majina yao. Mulumba alimwona kwa nyuma akafikiri: huyu akikufunga kamba atakuuliza kama haikubani.

Ijumaa ilipita. Jumamosi ya tarehe 24, jua likiwa limeshapanda juu ya lundo la mawe machafu, Mulumba alikuwa ndani ya mashine ya pili, nusu ya kiwiliwili chake ikiwa nje ya tundu, akipokea boliti, simu ilipolia kwenye kibanda cha msimamizi. Shefu Mukalay, aliyekuwa akiongea na watu wa kreni, aliitwa. Alisikiliza. Alivua kofia. Aliuliza kitu, akasikiliza tena, akaiweka simu chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Alikuja hadi kwenye tundu.

"Citoyen, toka."

Mulumba alitoka.

"Kuko bamama ku nyumba yangu. Mulinzi anasema banapita kumi. Batandika mikeka mu majani. Banalia. Bibi yangu anasema banaulizia mwenye matanga." Shefu alikunja uso. "Banasema njo mimi."

Wenzake wa Mulumba waliacha nyundo. Mmoja, Kabeya, aliyekuwa hawezi kuzuia mdomo wake hata kanisani, alisema kutoka ndani ya chuma, na chuma kikamkuzia sauti: "Pole sana, shefu! Hatukujua!"

"Funga kinywa," Mukalay alisema, kisha akaongeza, kwa mazoea, "tafadhali."

Walikwenda na gari la shefu, la kampuni, Mulumba nyuma na nguo zake za grisi juu ya gazeti. Kwenye kona ya klabu ndipo sauti zilipowafikia, ile sauti ya wanawake wanaomlilia mtu aliyeondoka zamani, isiyo ya uchungu mpya bali ya kazi inayomaliziwa.

Ua la nyumba, ambalo mtunza bustani alilikata kila Ijumaa, lilikuwa limejaa. Mikeka ilifika hadi kwenye maua. Mama Bilonda alikaa katikati, miguu imenyooshwa, kichwa wazi. Tata Tshibangu alikuwa amepewa kiti cha barazani. Mbwa alikuwa amefungwa nyuma ya gereji, naye analia pamoja nao. Na kwenye mkeka wa mbele, viatu vimevuliwa, kilemba kimeondolewa, alikaa mama Adolphine, mke wa shefu.

"Adolphine," Mukalay alisema. "Simama."

"Mutu hasimamaki mu kilio, tata Mukalay. Ulifundishwa."

"Siyo kilio yetu."

"Mi njo naliuliza hivi, bamama walipofika. Nikasema mumekosea nyumba. Wakanipatia barua." Aliitoa chini ya kitenge chake. Mulumba alikuwa ameiacha Tenke kwa mama mkwe, nayo ilikuwa imefika hapo uani kabla yake. "Hii siyo sahihi yako? Mi naijua. Iko ku cheti yetu ya arusi."

"Ni maneno ya bureau, ya ofisi, Adolphine. Ni... ni adabu. Kila barua inakuwaka na maneno kama hayo."

Kazadi, aliyesimama kati ya ukoo na wakubwa kama kawaida yake, aligeuka akaeleza kwa Kiluba cha Kasai. Mama Bilonda alisikiliza, akasema sentensi moja. Wanawake wakaguna.

"Mama anauliza," Kazadi alisema, "matanga ya bureau, wafu wake banazikwaka wapi?"

Mukalay aliichukua barua, akaiangalia sahihi yake. Ndipo Mulumba alipoona jambo ambalo hakulitegemea. Mtu huyo hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu ile alijaribu kuishughulikia kama alivyoshughulikia kila kitu, kwa kutafuta nafasi kwenye mpango wa kazi. Alimvuta Mulumba kando ya gari.

"Sikia. Nitakusainia sasa hivi. Leo, kesho, hadi Jumatatu. Siku zote ulizoomba. Uchukue bamama, mwende Tenke, mumalize vizuri mambo yenu kule. Nitatafuta mutu wa kushika nafasi yako."

"Yuko?"

"Nani?"

"Mutu wa kushika nafasi yangu. Barua ilisema hayupo."

"Nitamutafuta, citoyen!"

Ilikuwa sauti ya juu, ya kwanza ambayo Mulumba aliwahi kumsikia nayo. Wanawake walisikia, wakapunguza kulia ili wasikie vizuri.

Mulumba alishika kitambaa cheusi kwenye mkono wake. Mwaka mzima alikuwa ameifikiria siku hii kama siku ya kwenda kuomba, akiwa amepiga magoti kwa watu wa Mbelu. Sasa aliona kwamba aliyekuwa akiomba ni mwingine, na maneno yalimjia bila kuyatafuta, maana alikuwa ameyasikia mara tatu kwenye dirisha la Séraphin.

"Shefu, nashukuru kwa kunijali. Naelewa uzito wa sababu yako. Lakini tuko mu révision. Mashine zimesimama. Kwa bahati mbaya, siwezi kukubali."

Kabeya hakuwapo, lakini kuna mtu alicheka. Alikuwa mlinzi wa lango, akajifanya anakohoa.

"Unanichezea, Mulumba."

"Mi siwezi kukuchezea. Weye uko shefu." Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mikeka. "Mwaka jana niliomba kutoka, bibi yangu anakufa. Waliniambia: ngoja. Nikangoja. Mwaka huu niliomba kumaliza matanga yake. Uliniambia: ngoja, chagua mwezi wa tisa, chagua wa kumi. Bakubwa ya kazi munapenda sana kutupangia siku. Sawa. Mumepanga. Mwenye kupanga siku anamwaga maji. Kama haiko weye, sema hapa, mbele ya mama, kwamba haiko weye, na useme ni nani aliyenishika nisiende kwao. Nataka wajue jina. Juu yangu wasije wakasema niliogopa."

Hicho ndicho kilikuwa kiini chake, na kila mtu uani alikielewa, hata mtunza bustani ambaye alikuwa Mulunda, mtu wa kabila lingine, na mambo ya Baluba hayakumhusu. Bila mwenye matanga kumwaga maji, kitambaa kisingekatwa, tata Tshibangu angerudi Kananga na mkono mtupu, na Mulumba angebaki na weusi wake na maneno ya watu juu yake. Na hakuna aliyeweza kumlazimisha shefu. Angeweza kuita polisi wa kampuni, na wangekuja mbio, maana kwa nyumba za quartier ile walikuwa wanakuja mbio.

Mukalay alimwangalia mke wake. Mama Adolphine hakumsaidia. Aliinua tu kitenge chake kidogo, akaonyesha alichokuwa ameweka kando ya mkeka: ndoo ya maji, na juu ya ndoo, shuka jeupe la kitanda chao, lililokunjwa.

"Nguo nyeupe ingine haikukuwa," alisema. "Iko mupya. Uliileta kutoka Likasi."

Mukalay alivua saa yake, akaitia mfukoni. Alifungua vifungo vya mikono ya abacost, akaikunja mara moja, mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anayetaka kuikunjua baadaye bila mikunjo. Kisha akavua viatu.

"Nifanye nini?" alimwuliza Kazadi. Aliuliza kwa sauti yake ya chini, ya adabu.

Walimwonyesha. Mulumba alikaa kwenye mkeka, uso upande wa mawio. Tata Tshibangu alikata kitambaa cheusi kwa wembe, akakitia kwenye moto mdogo waliouwasha kwenye sufuria ya zamani ili wasichome majani. Shefu Mukalay aliinua ndoo. Maji ya kwanza yaliangukia bega badala ya kichwa, na mama mmoja akasema, "Pa kichwa, mwenye matanga, pa kichwa!" Akamwaga pa kichwa. Maji yalikuwa ya baridi, ya bomba la wakubwa ambalo halikauki. Grisi na vumbi la mashine vikatiririka kutoka kwenye nywele za Mulumba hadi kwenye majani, na kati ya yale maji kulikuwa na mengine ambayo hayakutoka kwenye ndoo; aliyaacha yaende.

Walimfunika shuka jeupe. Mama Bilonda, akiwa amegeukia upande mwingine kama desturi inavyotaka, alitamka kwa sauti ya kusikika hadi klabu:

"Kazadi, mwambie mukwe wangu amemulilia vizuri mutoto wangu. Hatuna deni naye. Alale ku kitanda."

Kazadi alifungua mdomo ili apitishe maneno.

"Nimesikia," Mulumba alisema. "Mwambie mama nimesikia."

Baada ya hapo watu walikula. Mama Adolphine alikuwa ameshachinja kuku wake wote, na shefu Mukalay alikula kwenye mkeka, magoti juu, akiulizwa na tata Tshibangu habari za wazazi wake kaskazini, akizijibu moja moja. Tata Tshibangu alimpenda. Alisema kwa mtu wa ofisi ana moyo. Mulumba alisikia, akaendelea kula. Moyo wenyewe uliletwa kwa treni na wanawake zaidi ya kumi, na kesho yake kulikuwa na wengine wengi kwenye dirisha la Séraphin wasio na mama mkwe kama wake.

Jua lilipoanza kulegea, wanawake wakikunja mikeka kuwahi treni, mama Adolphine alimkumbusha jambo la mwisho.

"Tata Mulumba. Mufiwa akishafunguliwa, anarudia kwa mwenye matanga na kuku, kushukuru. Ni vile kwenu pia?"

"Ni vile, mama."

"Utakuja lini?"

Mulumba alimwangalia shefu, aliyekuwa amekaa ngazini akifunga viatu. Shuka jeupe lilikuwa bado mabegani mwa Mulumba.

"Mama, sasa hivi kuko kazi mingi," alisema. "Lakini shukrani yenu haipotei. Ninawawekea tarehe tatu. Tarehe sita ya mwezi wa tisa. Ao tarehe makumi mbili. Ao tarehe ine ya mwezi wa kumi. Tata achague, aniambie kabla ya mwisho wa mwezi."

Mama Adolphine alicheka hadi akashika mlango. Shefu Mukalay hakucheka. Alimaliza kufunga kamba ya kiatu, akasimama, akaikunjua mikono ya abacost, ikakataa kunyooka.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, citoyen," alisema. "Mashine ya pili haijaisha."

"Niko, shefu."

Akaenda kwa miguu hadi Dilala, katikati ya barabara, na shuka lake, ili wote walioko kwenye milango waone ni jeupe.